Shahidi Asiwe Ndugu

Jumamosi ya pili ya Aprili, saa nne asubuhi, Wariara alikuwa akipalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba yake huko Kiamunyi aliposikia geti likigongwa. Alijipangusa mikono kwenye leso akaenda kufungua, polepole, kwa sababu goti lililofanyiwa upasuaji Novemba bado lilikuwa likimsumbua. Nje walisimama mwanamume mrefu aliyevaa koti la kazi na mwanamke mjamzito aliyeshika tepu ya kupimia.

"Habari ya asubuhi, mathe," mwanamume alisema. "Naitwa Kipkemei. Nafanya kazi na Injinia Njuguna pale Olkaria. Alisema tupitie tuone nyumba."

"Muione ikifanya nini?"

Kipkemei alicheka. "Tuone kama itatutosha. Alisema kufika mwisho wa mwezi wa tano itakuwa wazi. Si wewe ndiye unaichunga?"

Injinia Njuguna alikuwa Maxwel, mtoto wa pekee wa Wariara. Nyumba ilikuwa ya Wariara mwenyewe, na hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba itakuwa wazi mwezi wa tano wala mwezi mwingine wowote. Alimtazama yule mwanamke mjamzito, akaona jua lilivyokuwa kali, akafungua geti lote.

"Ingieni," alisema.

Aliwatembeza chumba kwa chumba. Aliwaonyesha jikoni, stoo, choo cha ndani na kile cha nje, bila kusema neno la ziada. Mwanamke alipima dirisha la sebule kwa ajili ya mapazia, akamtajia mumewe urefu, mumewe akauandika kwenye simu. Walipofika ukutani penye picha, mwanamke alisimama. Ilikuwa picha ya muuguzi aliyevalia yunifomu ya buluu na saa iliyoning'inia kifuani, nyuma yake kukiwa na jengo la matofali mekundu na mvua.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

Mwanamke alimtazama, kisha akaitazama picha tena. "Kwani nyumba ni ya..."

"Ni yangu. Kila tofali."

Tepu ilijikunja yenyewe kwa sauti kubwa. "Kipkemei, twende," mwanamke alisema kwa sauti ya chini.

"Hamwendi kabla ya chai," Wariara alisema. "Nyinyi hamjanikosea."

Walikunywa chai wakiwa wameketi kwenye ncha za viti. Kipkemei ndiye aliyeeleza, huku akiiangalia sufuria ya mandazi kana kwamba ndiyo aliyokuwa akiiambia. Injinia alisema mama yake anahamia kwake Naivasha kwa sababu pensheni yake ya ng'ambo imekatika, hawezi kujitunza tena. Alisema nyumba haiwezi kukaa bure.

"Alisema imekatika?"

"Alisema hivyo, mathe. Pole sana. Mimi nilidhani wewe ni..."

"Kunywa chai," Wariara alisema.

*

Alikwenda Uingereza mwaka wa 1986, akiwa na miaka thelathini na mitano, mjane wa miaka mitatu. Mumewe Hiram alikuwa amekufa kwa ajali ya trekta kwenye shamba la ng'ombe huko Subukia, shamba ambalo zamani lilikuwa la mzungu na baadaye likagawanywa kwa wanachama wa ushirika. Maxwel alikuwa na miaka minane. Mama ya Hiram alikataa katakata mjukuu asichukuliwe na ndege. Na hata angekubali, chumba alichopewa Wariara katika hosteli ya wauguzi kilikuwa na kitanda kimoja na sheria ya kutoleta watoto. Kwa hiyo mtoto alibaki na cucu, bibi yake huyo, na mama akaenda kuosha, kulisha na kugeuza wagonjwa wa watu wengine, kwanza kama msaidizi, kisha kama muuguzi, mwishowe kama sista wa wodi ya wazee.

Alifanya kazi miaka thelathini. Alirudi nyumbani kila baada ya Krismasi mbili au tatu, na sanduku moja la nguo za mtoto ambazo kila mara zilikuwa ndogo kidogo. Karo ya Maxwel ilifika kabla ya kila muhula. Alisomea uinjinia, akapata kazi kwenye mitambo ya mvuke ya Olkaria, akaoa, akajenga Naivasha. Na Wariara alipostaafu mwaka wa 2016 alirudi Nakuru, akajenga Kiamunyi, akapanda sukuma wiki, akafuga ng'ombe wachache. Kila mtu pale mtaani alimwita Sista, hata wale wasiojua kwamba jina hilo halikutoka kanisani.

Mfuko wa pensheni wa hospitali alikofanyia kazi ulimlipa kila mwezi, moja kwa moja kwenye akaunti yake ya benki mjini. Walitaka jambo moja tu. Kila Oktoba, kwa kila mstaafu anayeishi nje ya nchi, walituma fomu iliyoitwa cheti cha uhai. Hawakuwa na njia nyingine ya kujua huko waliko kama mtu amefariki. Palikuwa na familia zilizoendelea kula pensheni ya marehemu miaka sita. Mstaafu alitakiwa kutia saini mbele ya shahidi mwenye kazi ya kuheshimika, kama vile daktari, wakili, mchungaji, mwalimu mkuu au injinia. Shahidi naye aliandika jina, kazi na anwani, akatia saini na tarehe. Karatasi yenyewe, si nakala, ilipaswa kurudi kwa posta kabla ya mwisho wa Januari. Isiporudi, malipo yalisimamishwa hadi irudi.

Wariara hakuwahi kuchukizwa na fomu hiyo. Aliwaambia wanawake wa kikundi chake kwamba kazini kwake alizoea kuamka kila asubuhi na kuhakikisha wazee kumi na wanane wako hai, kwa hiyo hakuona ubaya wa mtu mmoja kumuuliza yeye mara moja kwa mwaka.

Desemba iliyopita, goti likiwa bado na nyuzi, hakuweza kutoka. Maxwel alikuja kumsalimia. Mama alitia saini sehemu yake akampa fomu. Alijua kosa hilo tayari: saini ilitakiwa kuwekwa shahidi akitazama. Lakini mchungaji alikuwa jirani, na mchungaji angepita jioni kumwona, hivi ndivyo alivyojiambia.

"Mpelekee mchungaji asaini, aje anione, kisha uipitishe Posta," alimwambia mwanawe.

"Niachie, Mum," Maxwel alisema.

Mchungaji hakuja. Wariara alidhani ametingwa na kazi. Mwisho wa Machi, pesa hazikuingia benki. Alimpigia Maxwel.

"Pengine ni mambo ya Pasaka," Maxwel alisema. "Ama wazungu wamebadilisha mambo. Niachie, nitafuatilia. Lakini Mum, hata kama hiyo kitu imeisha, kwani shida iko wapi? Njoo ukae na sisi. Nyumba kubwa hivyo na wewe peke yako na goti."

"Fuatilia kwanza," mama alisema.

Aliacha. Wiki mbili alimwachia. Sasa Kipkemei na mkewe walipoondoka, vikombe vikiwa bado mezani, alielewa kwamba hakuna kilichofuatiliwa ila mpangaji.

*

Jumatatu aliupigia simu mfuko wa pensheni mwenyewe. Alisikiliza muziki dakika arobaini. Kijana mwenye sauti ya upole alimwuliza namba yake ya pensheni, tarehe ya kuzaliwa na mstari wa kwanza wa anwani, kisha akasema cheti chake kilifika Januari lakini hakikukubaliwa. Walimwandikia barua Februari.

"Kwa nini hakikukubaliwa?"

Imeelezwa kwenye barua, kijana alisema. Kwa kuwa hakujibu, malipo yamesimamishwa. Hayajafutwa. Akituma cheti kipya kilicho sahihi, atalipwa pamoja na miezi iliyopita. Angeweza kuchapisha fomu mpya kutoka kwenye tovuti yao, asisubiri posta.

Sanduku lake la posta lilikuwa mjini, na tangu upasuaji hakuwa amelifungua. Jumanne alikwenda. Ndani palikuwa na bili ya maji, kalenda ya chama cha akiba, na bahasha kutoka Uingereza. Alifungua akiwa amesimama palepale, watu wakimpita na funguo zao.

Barua ilisema shahidi hakustahili. Walikuwa wameambatanisha nakala ya cheti ili aone. Saini yake ilikuwa pale juu, ya tarehe kumi na tatu Desemba. Chini yake, kwa herufi kubwa nadhifu alizozifahamu: Injinia Maxwel Njuguna, na anwani ya kazini. Kati ya saini hizo mbili palikuwa na tamko lililochapishwa, lenye kisanduku, na ndani ya kisanduku alama ya vema.

Aliisoma mara tatu. Kisha akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akarudi nyumbani. Hakumpigia Maxwel simu. Alimtumia ujumbe mfupi: Jumapili uje. Peke yako.

*

Maxwel alikuja baada ya ibada, akiwa na kilo mbili za nyama na mkate. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miaka arobaini na sita, aliyezoea kutii mitambo kuliko watu. Mama hakuipokea nyama. Aliiweka nakala mezani mbele yake.

"Soma."

Maxwel aliitupia jicho. "Mum, najua hiyo ni nini."

"Soma kwa sauti. Uliisaini. Nadhani uliisoma kwanza."

"Mum..."

"Soma."

Alivuta pumzi. Alisoma kwa Kiingereza, haraka, kisha mama akamtaka aseme kwa lugha ambayo baba yake angeielewa kaburini. Alisema: "Nathibitisha kwamba leo nimemwona mtu huyu ana kwa ana. Na kwamba mimi si ndugu yake, wala kwa damu wala kwa ndoa."

"Wala kwa damu," mama alirudia.

"Ni karatasi tu."

"Karatasi gani? Hiyo ndiyo imenilisha miaka minane. Ulikuwa na kalamu, ukaona mahali pameandikwa mimi si ndugu yake, ukaweka vema. Angalia vema lenyewe lilivyonyooka."

"Mchungaji alikuwa ameenda Bahati kwa mazishi," Maxwel alisema. "Nilikuwa na shifti saa kumi. Nikajiuliza, nani anajua kwamba uko hai kuliko mimi? Na mimi ni injinia, niko kwenye orodha yao. Majina hayafanani, wewe ni Mwaura, mimi ni Njuguna. Nilijua hawangejua."

Kule kwao jina la mtoto wa kwanza hutoka kwa babu wa upande wa baba, na Wariara alikuwa ametumia jina la baba yake mzazi, Mwaura, tangu siku aliposajiliwa shule ya uuguzi. Mzungu asiyejua angeangalia majina hayo mawili asione uhusiano wowote.

"Walijua," mama alisema. "Unataka kujua walijuaje? Nilipostaafu waliniuliza, ukifa tumwambie nani. Nikaandika Maxwel Njuguna. Nikaandika simu yako. Mahali pa uhusiano nikaandika mwanangu. Kwa hiyo mtu fulani huko alikaa mezani na karatasi mbili. Moja mama anasema huyu ni mwanangu. Nyingine mwana anasema simjui."

"Sikusema sikujui."

"Ulisema nini?"

Maxwel aliisukuma nakala pembeni.

"Na ulipoona pesa hazikuingia, ulijua ni kwa nini. Ulijua siku ile nilipokupigia. Badala ya kuniambia mama nilikosea, ukamtafutia Kipkemei nyumba. Alidhani mimi ni mlinzi, Maxwel. Mke wake alipima dirisha langu."

"Kipkemei niliongea naye kabla hujanipigia," Maxwel alisema, na mara akatambua kwamba hilo lilikuwa baya zaidi. Alisimama, akaketi tena. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Sawa. Nilikosea. Lakini wacha nikuulize, Mum. Unajua ni fomu ngapi zangu ziliandikwa uongo?"

"Fomu gani?"

"Ya kuingia form one. Mahali pa mzazi, cucu aliweka kidole gumba. Ya safari ya shule, kidole gumba. Nilipotolewa kidole tumbo nikiwa na miaka kumi na mbili, daktari alisema lazima mama atie saini kabla wanipasue. Cucu akasema mimi ndiye mama. Wakaandika, uhusiano: mama. Nilikuwa nimelala pale kwenye machela nikasikia. Hakuna mtu alirudisha hiyo karatasi. Hakuna mtu alileta nakala."

"Na hospitali ililipwa na nani?"

"Wewe. Sijasema hukulipa. Sijawahi kusema hukulipa."

Wariara alitaka kusema juu ya hosteli yenye kitanda kimoja, juu ya zamu za usiku alizofanya mfululizo ili ada isichelewe, juu ya mzee mmoja wa wodi aliyemtemea mate na bado akamlisha uji. Alikuwa amewahi kuyasema hayo yote. Maxwel aliyajua kwa moyo. Kwa hiyo hasira yake haikupata pa kushika, ikazidi.

"Kwa hiyo uliweka vema kwa sababu ulimaanisha," alisema.

"Sikumaanisha. Nilikuwa na haraka." Alifuta uso. "Sijui. Nilikuwa na haraka, na ilikuwa rahisi kuandika."

"Chukua nyama yako."

"Mum, itaharibika, nina saa mbili za..."

"Chukua nyama yako, Maxwel. Toka."

*

Cyber ilikuwa pale steji ya matatu ya Kiamunyi, chumba kimoja chenye kompyuta tatu. Msichana aliyeiendesha, Winrose, alichapisha fomu mpya akaisoma ikitoka kwenye mashine.

"Sista, kwani wanataka tu kujua uko hai? Si uwatumie selfie?"

"Selfie haina shahidi."

"Mimi nitakuwa shahidi. Nakuona hapa live."

"Wewe bado hujaheshimika," Wariara alisema, na Winrose akacheka hadi akakohoa.

Alikwenda kanisani kwanza. Mchungaji Jerry alikuwa kijana aliyehamishiwa pale mwaka uliopita, badala ya yule mzee aliyemtilia saini miaka saba mfululizo. Alimwondolea vitabu kwenye kiti.

"Tata, keti, keti. Goti linaendeleaje?"

Wariara alikaa, akafungua fomu, kisha akaifunga tena. Tata ni shangazi. Mke wa mchungaji, Shiko, alikuwa binti wa kaka yake. Alikuwa amekula mahari ya msichana huyo. Alikaa meza ya mbele kwenye harusi.

"Umeniita nani?"

"Tata," mchungaji alisema, akitabasamu bado.

"Basi huwezi kusaini."

Alimwonyesha tamko. Mchungaji alilisoma, akakuna shingo. "Lakini hiyo ni kwa ndoa. Mimi na wewe hatuna damu moja."

"Imeandikwa, wala kwa ndoa."

"Tata, hawa hawajui Shiko ni nani. Niko tayari kabisa kukusaidia. Mungu anajua uko hai."

"Mungu hayumo kwenye orodha," Wariara alisema, akainuka.

Alifika geti la kanisa ndipo akasimama, akashika nguzo, si kwa sababu ya goti. Desemba alikuwa amemtuma Maxwel kwa mtu huyu huyu. Kama mchungaji asingekuwa Bahati kwenye mazishi, angeweka vema lilelile, tamko lilelile la uongo, na yeye Wariara angeliacha liende Posta kwa moyo mweupe, na wala asingekosa usingizi hata usiku mmoja akilifikiria. Na kabla ya hapo alikuwa ametia saini bila shahidi kuwepo. Mawazo hayo hayakumtuliza hata kidogo. Yalimkasirisha zaidi, kwa kuwa yalimnyang'anya sehemu ya haki yake, na alikuwa akiihitaji yote.

Alianza kuhesabu njiani. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikuwa mpwa wa Hiram. Wakili aliyemwandikia hati ya kiwanja alikuwa ameoa kwao Subukia. Meneja wa benki alikuwa kwenye kamati ya mazishi ya mama yake, na alipotaja ukoo walikuta ni mmoja. Alikuwa ameishi miaka thelathini mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa ndugu yake, akarudi mahali ambapo kila mtu ni ndugu, na fomu ilitaka mgeni.

Alikwenda kwa Daktari Zeddy Chesang, aliyekuwa akimwangalia goti katika kliniki yake mjini. Kijana wa mapokezi alinyoosha mkono apewe karatasi.

"Acha hapa, mama. Daktari atasaini akipata nafasi, uje Jumatatu uchukue."

"Hapana. Lazima anione."

"Anakujua, mama. Uko kwenye faili."

"Faili haipumui. Nitangoja."

Alingoja saa mbili na nusu. Daktari Chesang alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alisoma fomu yote kutoka juu hadi chini, hata maandishi madogo, na Wariara akampenda kwa hilo. Aliomba pasipoti, akailinganisha picha na uso.

"Sista, mimi na wewe hatuna undugu?"

"Wewe ni wa Eldama Ravine. Mimi ni wa Subukia."

"Hakuna binamu yangu ameoa kwenu?"

"Kama yupo, usiniambie sasa."

Daktari alicheka kidogo. "Haya. Tia saini nikiona." Wariara alitia. Daktari naye alitia, akaandika tarehe ileile, jina, kazi, anwani, akagonga muhuri ingawa haukuhitajika. Kisha hakumpa karatasi. Alivuta mashine ya presha.

"Sikuja kwa hiyo," Wariara alisema.

"Nimeandika kwamba uko hai. Nataka nisiwe mwongo wiki ijayo." Alitazama namba za mashine zikipungua. "Mia na themanini na nane juu ya mia na nane. Ni nini hii, Sista?"

"Ni hasira."

"Ya nani?"

"Ya mwanangu."

Daktari alimwandikia dawa, akasema hasira ya mwana haina kipimo lakini presha inacho, arudi baada ya wiki mbili. Wariara alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya kusafirishia vifurushi, akaituma fomu mwenyewe, akasimama hadi akaona imefungwa kwenye bahasha na namba yake ya kufuatilia imebandikwa.

*

Mei ilikuwa ndefu. Aliuza mtamba mmoja kwa jirani. Maxwel alituma pesa kwa simu mara mbili, bila ujumbe, na mara zote mbili Wariara alizirudisha kwenye namba ileile siku hiyo hiyo, naye bila ujumbe. Kaka yake, ambaye naye aliitwa Mwaura kwa jina la baba yao, alikuja kusema kwamba mtoto ni mtoto. Alimpa chai, akamwambia amwambie mtoto hivyo hivyo.

Tarehe ishirini na tisa benki ilimtumia ujumbe. Miezi yote iliyosimamishwa ilikuwa imeingia kwa mara moja. Wariara aliusoma akiwa jikoni, akaketi kwenye kigoda cha kukamulia ng'ombe, akakaa hapo hadi maji ya chai yakakauka kwenye sufuria.

Juma lililofuata barua ilifika. Cheti chake kimekubaliwa. Kwa sababu ya kasoro iliyotokea mwaka huu, waliandika, tungependa uthibitishe taarifa tulizo nazo juu ya mtu wa kuarifiwa iwapo utafariki. Chini palikuwa na jina la Maxwel, simu yake ya zamani, na mstari mtupu mbele ya neno uhusiano. Kama taarifa si sahihi, aziandike upya.

Karatasi hiyo ilikaa mezani siku tisa. Mara mbili alishika kalamu kuandika jina la Mwaura. Mara moja aliandika herufi ya kwanza, akaifuta.

Siku ya kumi, jioni, alimpigia Maxwel. Simu iliita mara moja tu ikapokelewa. Nyuma yake mitambo ilikuwa ikinguruma.

"Mum?"

"Pensheni imerudi."

"Asante Mungu. Nilikuwa..."

"Mwambie Kipkemei atafute nyumba kwingine. Mimi sitoki hapa."

"Nilishamwambia. Siku ile ile. Mum, nisikilize. Ile siku..."

"Hawa watu wameniuliza tena wewe ni nani. Wamenipa nafasi ya kubadilisha."

Mngurumo uliendelea. Ilionekana ametoka nje, kwa sababu sauti ilipungua kidogo na upepo ukaingia. "Umeandika nini?" Maxwel aliuliza.

"Nimeandika mwanangu. Sijui kuandika uongo kama wewe."

"Nije Jumapili?"

"Hapana. Usije mpaka nikuite."

"Na kama hutaniita? Mum, una presha, Uncle Mwaura ameniambia. Nitajuaje kama uko sawa?"

"Jina lako liko pale na simu yako mpya nimeandika," Wariara alisema. "Watakuarifu."

Akakata simu, akatia barua kwenye bahasha, akailamba gundi, akaibonyeza kwa kiganja chote.